Mkia wa Faili na Kazi ya Saa Nane Usiku

Jumatatu asubuhi meneja wa mauzo alimpigia simu msimamizi wa duka la Mbagala, akamuuliza imekuwaje Jumamosi nzima, tena mwisho wa mwezi, ameuza chini ya nusu ya kawaida yake. Msimamizi akaapa kwamba siku ile watu walijaa mpaka barazani. Walibishana hadi karibu na saa sita mchana, ndipo mtu akakumbuka kuniuliza mimi, niliyekuwa natunza mfumo wa kupakia mauzo ya maduka kwenye ghala la data la kampuni ile. Nikafungua faili lililotoka dukani na kushuka hadi chini. Mstari wa mwisho ulikuwa huu:

```
2019-08-31 13:42:07,MBG,SAB-0
```

SAB-0, basi. Sabuni gani, vipande vingapi, kwa bei gani, hakuna. Kompyuta ya dukani ilikuwa bado inalisukuma faili kupitia mtandao wa kusuasua wakati kazi yetu ya saa nane usiku ilipoamka, ikakuta faili lipo, ikalisoma lilipofikia. Tulikuwa tumeiambia iruke mistari mibovu, kwa hiyo ikauruka huo mmoja na kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imemaliza salama. Kwa upande wake haikusema uongo. Mauzo ya kuanzia mchana hadi jioni yalifika dakika chache baadaye, yakakuta mlango umefungwa.

Faili lile lilikuwa CSV, yaani maandishi matupu ambamo kila mauzo ni mstari mmoja na mkato hutenganisha tarehe, duka, bidhaa, idadi na bei. Mfumo huu ni mkongwe kuliko kompyuta za mezani, na hati iliyojaribu kuuwekea kanuni, RFC 4180, haikutoka mpaka mwaka 2005, wakati kila mtu ameshazoea CSV yake. Uzuri wake ni kwamba yeyote anaweza kuifungua kwa programu yoyote na kusoma kwa macho. Tatizo lililotupata Mbagala limo ndani ya uzuri huohuo: hakuna kitu ndani ya CSV kinachosema "nimeishia hapa". Ukikata CSV ya mistari laki moja ukabakiza elfu arobaini, na mkato wako ukaangukia mwisho wa mstari, kilichobaki ni CSV nzima isiyo na kasoro yoyote.

Siku hizi mafaili ya namna hiyo nayapokea kwa mfumo unaoitwa Parquet. Watu wengi wanaoutaja huusifu kwa kuokoa nafasi na kusoma haraka, nami nitafika huko. Ila kwa mtu anayeendesha kazi za usiku, zile zinazojiamsha zenyewe bila binadamu wa kuziangalia, badiliko kubwa liko kwenye baiti za mwisho za faili.

Teksi za New York

Badala ya mauzo ya sabuni, ambayo siwezi kuyaanika, tuchukue faili ambalo mtu yeyote anaweza kulipakua. Tume ya Teksi na Limuzini ya Jiji la New York huchapisha kila mwezi rekodi za safari za teksi zake: saa ya kupanda na ya kushuka, eneo la kupandia na la kushukia, umbali, nauli, bakshishi, njia ya malipo. Kwa miaka mingi mafaili hayo yalikuwa CSV. Mwezi Mei 2022 tume ikabadilisha yote kuwa Parquet, pamoja na ya miaka ya nyuma. Watu waliokuwa na kazi za ratiba zinazoyavuta kila mwezi ilibidi wazirekebishe. Kwa hiyo tuna mfano halisi, wa wazi, wa mtoaji data aliyehama.

Faili la teksi za njano la Januari 2023 linaitwa `yellow_tripdata_2023-01.parquet`. Lina safari 3,066,766 na safu 19, na uzito wake ni kama megabaiti 47. Ukiligeuza kuwa CSV, mstari mmoja unakuwa na herufi zipatazo mia moja na kidogo ukihesabu na mikato yake. Zidisha kwa safari milioni tatu, unapita megabaiti 300. Tofauti hiyo inatoka wapi?

Chukua daftari la duka. Kwa kawaida tunaandika kwa mistari: tarehe, bidhaa, idadi, bei, halafu tunashuka. Parquet hulichana daftari kwa wima. Huchukua kundi kubwa la mistari, labda laki kadhaa au milioni moja, halafu ndani ya kundi hilo huandika tarehe zote mfululizo, kisha bidhaa zote, kisha idadi zote, kisha bei zote. Vitu vya aina moja vinakaa pamoja, na vitu vya aina moja hubanika vizuri.

Tazama safu moja tu ya teksi hizo, `VendorID`, inayosema ni kampuni gani ilitoa kifaa cha kurekodi safari. Katika mwezi ule thamani yake ni 1 au 2. Kwenye CSV kila safari hulipia herufi mbili, tarakimu na mkato, jumla zaidi ya megabaiti sita. Parquet hutengeneza kamusi ndogo yenye maneno mawili, kisha kwa kila safari huandika namba ya neno kwenye kamusi. Kwa maneno mawili biti moja inatosha. Biti milioni tatu ni chini ya nusu megabaiti, na hiyo ni kabla ya kubana kwa Snappy au zstd. Maeneo ya kupandia nayo ni hivyohivyo: jiji limegawanywa kwa namba zisizozidi 265, kwa hiyo biti tisa zinatosha mahali ambapo CSV ingeandika tarakimu tatu na mkato wake.

Nikiri hapa kwamba CSV iliyobanwa kwa gzip nayo hupungua sana, na anayelinganisha Parquet na CSV isiyobanwa anajipendelea kidogo. Lakini CSV iliyobanwa ni kama gunia lililoshonwa mdomo: ukitaka kujua jumla ya bakshishi tu, lazima ulifumue na kumwaga kila kitu chini. Kwenye Parquet programu huenda moja kwa moja kwenye safu ya bakshishi, ikaisoma hiyo, na kuziacha nyingine kumi na nane bila kuzigusa. Programu inajuaje safu hiyo imeanzia baiti ya ngapi? Jibu lipo kwenye mkia.

PAR1

Faili la Parquet huanza na herufi nne, `PAR1`, na huishia na herufi nne zilezile. Kabla ya hizo za mwisho kuna baiti nne zinazotaja urefu wa mkia, na kabla yake mkia wenyewe: orodha ya safu zote na aina zake, idadi ya mistari, kila kundi limeanzia wapi, kila safu ndani ya kundi imeanzia wapi, na mara nyingi thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa ya kila safu katika kila kundi. Msomaji huanzia mwisho. Huruka hadi chini, akasoma baiti nane, akajua mkia una urefu gani, akausoma, ndipo akarudi juu kuchukua anachotaka.

Mkia huandikwa mwisho kwa sababu mwandishi hawezi kujua mistari iko mingapi na safu zimeangukia wapi mpaka amalize. Ni uamuzi wa kiufundi tu. Matokeo yake kwa kazi ya usiku ni makubwa: faili ambalo halijafika lote halina mkia, na faili lisilo na mkia halisomeki kabisa. Jaribu mwenyewe. Chukua lile faili la Januari, likate, ujifanye mtandao wa Mbagala:

```
head -c 20000000 yellow_tripdata_2023-01.parquet > nusu.parquet
duckdb -c "SELECT count(*) FROM 'nusu.parquet'"
```

Megabaiti ishirini za safari za watu zimo humo, lakini DuckDB, programu ndogo ya bure ninayoitumia kila siku kusomea mafaili haya, haikupi hata safari moja. Inalalamika:

```
No magic bytes found at end of file 'nusu.parquet'
```

Mara ya kwanza niliona ni ukali uliopitiliza. Data ipo, kwa nini nisipewe iliyopo? Kisha nikamkumbuka msimamizi wa Mbagala. Laiti faili lake lingekataa kufunguka usiku ule, kazi ingeanguka, ningepata ujumbe kwenye simu, ningeamka kwa hasira na kuirudia, na Jumatatu asubuhi hakuna ambaye angetuhumiwa kwa lolote.

Pamoja na hayo, mkia una mpaka wake, na hapa ndipo wengi hulala wakidhani wamekwisha kulindwa. `PAR1` ya mwisho inathibitisha kwamba mwandishi alilifunga faili vizuri. Haithibitishi kwamba alikuwa na data yote. Ikiwa skripti ya dukani imeuliza databesi, databesi ikakata mawasiliano katikati, na skripti ikashika kosa hilo kimyakimya na kufunga faili kiungwana, utapata Parquet yenye afya njema na mauzo pungufu. Dawa ni kulinganisha idadi. Nashukuru kwamba idadi imo mkiani, kwa hiyo huna haja ya kusoma data ili kuipata:

```
SELECT num_rows
FROM parquet_file_metadata('yellow_tripdata_2023-01.parquet');
```

Jibu ni 3066766, na hurudi papo hapo. Duka likiniletea pamoja na faili namba moja tu, kwamba databesi yake ilihesabu mauzo mangapi siku hiyo, kazi yangu hulinganisha namba mbili kabla ya kupakia chochote. Hata kwa CSV ungeweza kufanya hivyo, ila ungelazimika kuhesabu mistari yote, na kuhesabu mistari ya CSV kuna mitego yake: maelezo ya bidhaa yakiwa na mtu aliyebonyeza kitufe cha mstari mpya katikati, mauzo moja yanakuwa mistari miwili.

Nani anakisia

CSV haijui aina za vitu. Kwake kila kitu ni herufi. Anayesoma ndiye anayeamua kwamba hii ni tarehe, hii ni pesa, hii ni jina. Namba ya simu inayoanza na 07 imo ndani ya CSV ikiwa kamili, sifuri yake ipo. Ukiifungua kwa Excel kwa kubofya mara mbili, Excel huona tarakimu tupu, ikaamua ni hesabu, na sifuri ikaondoka. Programu za kupakia nazo hufanya vivyo hivyo: husoma mistari ya mwanzo, zikakisia. Safu ya msimbo wa punguzo ikiwa na tarakimu tupu kwa miezi mitatu, kazi yako itaizoea kama namba. Siku duka moja litakapoandika `A12`, kazi huanguka, au mbaya zaidi huweka tupu na kuendelea.

Parquet humlazimisha mwandishi aseme. Kila safu ina aina iliyoandikwa mkiani: namba kamili ya biti 32 au 64, namba yenye desimali kamili kwa ajili ya pesa, maandishi, tarehe, saa. Pia hutofautisha kitu kisichojulikana na maandishi yasiyo na herufi, jambo ambalo CSV huliacha kwa kila mtu na tafsiri yake. Kukisia kunahama kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi. Mwandishi akikisia vibaya, kosa lake huhifadhiwa kwa uaminifu mkubwa: simu iliyopoteza sifuri kabla ya kuandikwa haitairudisha kwa kuwekwa ndani ya Parquet.

Safari za teksi zinaonyesha hili vizuri kuliko mfano wowote wa kubuni. Omba maelezo ya safu za faili la Januari 2023:

```
DESCRIBE SELECT * FROM 'yellow_tripdata_2023-01.parquet';
```

Utaona `passenger_count`, idadi ya abiria, ni DOUBLE, yaani namba yenye nukta. Abiria mmoja nukta sifuri. Abiria nusu hakuna, hata New York. Lakini kuna safari ambazo dereva hakujaza idadi, na maktaba nyingi za kuchakata data, zikikutana na nafasi tupu ndani ya safu ya namba kamili, huigeuza safu nzima kuwa ya nukta. Hii ina dalili zote za ugonjwa huo. Sasa fungua la Februari 2023. Nilipoyapakua, `passenger_count` ya Februari ilikuwa namba kamili, `VendorID` iliyokuwa ya biti 64 imekuwa ya biti 32, na safu ya mwisho, ya ada ya uwanja wa ndege, iliyoitwa `airport_fee` mwezi Januari, imekuja na herufi kubwa: `Airport_fee`.

Fikiria kazi ya ratiba inayovuta faili jipya kila mwezi na kuliunganisha na ya zamani. DuckDB haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya safu, kwa hiyo itazichukulia hizo mbili kuwa moja na kuendelea. Injini nyingine zimewahi kugoma kabisa zikisema zilitarajia biti 64 zikakuta 32. Pandas, maktaba inayopendwa na wanaotumia Python, ukiiambia iunganishe majedwali hayo mawili itakupa safu mbili: `airport_fee` iliyojaa kwa Januari na tupu kwa Februari, na `Airport_fee` iliyo kinyume chake. Hakuna kosa linalotokea. Ripoti yako ya ada za uwanja wa ndege itaonyesha kwamba tangu Februari hakuna aliyelipa.

Kwa hiyo Parquet haikuondoi kwenye kukagua. Inachofanya ni kurahisisha ukaguzi, maana orodha ya safu na aina zake imeandikwa na inasomeka kwa sekunde. Mimi huweka orodha ninayoitarajia kwenye faili dogo kando, na kabla ya kupakia, kazi huilinganisha na ya mkiani. Safu ikikosekana au aina ikibadilika, kazi husimama. Safu mpya ikiongezeka, kazi hupita lakini hunitumia ujumbe. Nilichagua hivyo kwa sababu safu mpya mara nyingi ina habari njema yake. Tarehe 5 Januari 2025 New York ilianza kutoza magari yanayoingia sehemu ya kusini ya Manhattan ili kupunguza foleni, na mafaili ya teksi ya mwaka huo yakaja na safu ya ishirini, `cbd_congestion_fee`. Kwa CSV inayosomwa kwa nafasi, yaani "safu ya kumi na tisa ni ada ya uwanja", safu ikiingizwa katikati husogeza kila kilicho kulia kwake. Parquet husomwa kwa majina, hivyo mgeni akiingia wenyeji hawahami viti.

Huwezi kuongeza mstari chini

Kazi nyingi za zamani za CSV zilikuwa na tabia moja: kila usiku huongeza mauzo ya siku chini ya faili lilelile. Mabano mawili ya `>>` kwenye skripti, umemaliza. Kwa Parquet hilo haliwezekani. Mkia umeshafunga faili, na chochote utakachobandika baada yake kitaliharibu. Ukitaka kuongeza, andika faili jipya.

Mtu anayehama hulalamikia hili wiki ya kwanza. Mimi nililalamika. Ila ukikubali, unajikuta umepanga data kwa folda, folda moja kwa siku:

```
mauzo/tarehe=2024-03-01/mbagala.parquet
mauzo/tarehe=2024-03-02/mbagala.parquet
```

Angalia kinachotokea kazi ikianguka katikati na kurudiwa. Ile ya zamani ya kuongeza chini, ukiirudia, mauzo ya siku yanaingia mara mbili, na duka linaonekana limefanya miujiza. Hii mpya huandika faili la siku kwa jina la muda, hukagua mkia na idadi, kisha huliweka mahali pa lile la siku hiyo. Irudie mara kumi, jibu ni lilelile. Na anayeuliza mauzo ya tarehe 2 tu, programu husoma jina la folda, ikaziacha nyingine zote bila kuzifungua.

Wengine hupenda sana mpango huu hadi wanaufanya kila dakika tano. Duka moja likituma kila dakika tano, hayo ni mafaili 288 kwa siku, 8,640 kwa mwezi wa siku thelathini, na kila moja lina mistari michache na mkia wake. Mkia wa safu ishirini unaweza kuwa mzito kuliko data inayouelezea. Ubanaji nao hufa, maana kamusi ya maneno mawili haina faida kwa mistari kumi na miwili. Swali ambalo lingejibiwa kwa kufungua faili moja sasa linafungua maelfu, na kwenye hifadhi za mtandaoni kila kufungua kuna kusubiri kwake. Ukilazimika kupokea kila dakika tano, pokea kwa namna yoyote, hata CSV, kisha usiku kusanya siku nzima kwenye faili moja lililoshiba.

Saa nane ya wapi

Jambo moja bado hunichekesha. Kazi yetu ya saa nane usiku iliandikwa hivi kwenye ratiba ya `cron`:

```
0 2 * * *
```

Mbili ya Kizungu ndiyo nane yetu, hilo tulizoea. Seva ilipohamishiwa kwenye kituo cha nje ya nchi, ikawekwa kwenye majira ya UTC, mstari haukubadilishwa hata herufi moja, na kazi ikaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri. Hakuna aliyegundua kwa wiki mbili, ila meneja mmoja aliyezoea kusoma ripoti baada ya swala ya alfajiri.

Saa za kazi ni rahisi kurekebisha. Saa zilizo ndani ya data ndizo zenye sumu. Mauzo ya saa nane usiku tarehe 1 Februari, Dar es Salaam, kwa UTC ni saa tano usiku ya tarehe 31 Januari. Siku imebadilika, mwezi umebadilika, folda imebadilika. Kwenye CSV `2024-02-01 02:00:00` haisemi ni majira gani, na kila msomaji huamini ya kwake. Parquet ina alama mkiani kwa kila safu ya saa, inayosema kama thamani zimesawazishwa kwa UTC au ni saa za ukutani tu za mahali fulani pasipotajwa. Safari za teksi za New York ni za aina ya pili: saa ya ukutani ya New York. Ukiziingiza kwenye mfumo unaodhani kila saa ni UTC, abiria wako wote watakuwa wamesafiri saa nne au tano kabla ya wakati wao, kutegemea msimu, na msongamano wa jioni utaonekana adhuhuri. Kazi haitaanguka. Dalili huiona mtu anayelijua jiji. Kwa maduka yetu nilichagua alama ya UTC ndani ya data, na tarehe ya folda ihesabiwe kwa saa za Dar es Salaam, kwa sababu msimamizi wa duka anafunga hesabu kwa saa yake na si kwa ya Greenwich.

Mhasibu

Chumba cha pili kutoka kwangu alikuwepo mhasibu ambaye hakutaka kusikia habari za mikia. Nilimpelekea Parquet ya kwanza kwa barua pepe. Alibofya mara mbili, Excel ikamgomea, akaniita. Mama yule hakukosea. Parquet haisomeki kwa macho, haifunguki kwa kubofya, na kwa orodha ya mistari mia tatu haina faida yoyote inayolipia usumbufu huo. Kwa upande mwingine, ningempa safari zote za teksi za Januari kwa CSV, Excel ingeishia mstari wa 1,048,576 na karibu milioni mbili zingebaki nje.

Tukaafikiana. Kati ya mashine na mashine ni Parquet: dukani hadi ghalani, ghalani hadi kwenye ripoti. Mwisho wa kila kazi, ikishapita ukaguzi wote, skripti hutoa kutoka kwenye Parquet hizo CSV moja ndogo ya jumla za siku, duka kwa duka, na kuiweka kwenye folda yake kabla hajafika ofisini:

```
COPY (SELECT duka, sum(kiasi) AS jumla
      FROM 'mauzo/tarehe=2024-03-02/*.parquet'
      GROUP BY duka)
TO 'jumla-2024-03-02.csv' (HEADER);
```

Mwanzoni niliweka humo na namba za simu za wasimamizi wa maduka, ili akiona jambo apige moja kwa moja. Ndani ya ghala zilikuwa maandishi, sifuri zake zote zipo. Asubuhi ya kwanza akanipigia kulalamika kwamba namba ya Mbagala haipatikani, akanisomea: saba, mbili, tano... Siku hizi safu hiyo haimo kwenye CSV yake. Namba ameziandika kwa kalamu kwenye karatasi aliyoibandika ukutani, juu ya simu.